UKURASA WA BIASHARA NDOGO: Tangazo la sabuni mpya

Leo tunaeleza namna ya kuwatangazia wateja wa zamani bidhaa mpya. Kosa tulilifanya sisi wenyewe, tukajifunza.

Kikundi chetu kilikuwa kinauza sabuni ya mche. Tulipoanza ya maji, tuliwaandikia wateja 60 ujumbe mrefu wa simu: tunafurahi, tunamshukuru Mungu, tumepiga hatua. Bei hatukutaja, mahali hatukutaja. Walikuja 9 tu. Kibaya zaidi, mama mmoja aliyekuwa akichukua miche 4 kila mwezi alidhani ya mche imeisha, akahamia kwingine.

Tena tulilipa mara mbili. Ujumbe mmoja wa simu unachukua herufi 160, na nafasi na nukta zinahesabiwa. Ukizidisha hata kidogo, unakatwa vipande na kila kipande kinalipiwa. Ukitia vile vikatuni vya uso unaocheka, nafasi inashuka hadi herufi 70. Simu nyingi zinaonyesha hesabu hiyo unapoandika, basi iangalieni.

Mara ya pili tuliandika hivi:

"Kikundi cha Sabuni: sasa tuna sabuni ya maji ya vyombo. Nusu lita sh 1000, lete chupa safi. Jumamosi saa 2-6 asubuhi, kibanda chetu sokoni. Ya mche bado ipo."

Hesabuni wenyewe, ni herufi 157. Jina limetangulia, maana wengi hawakuandika namba yetu kwenye simu zao, na ujumbe wa namba ngeni wanaufuta. Kisha kitu chenyewe na kazi yake, bei na kipimo, cha kuja nacho, siku, saa na mahali. Mwisho ni lile neno la kumtuliza mteja wa zamani: alichozoea hakijaondoka. Sifa hazimo. Sabuni itajisifu yenyewe kwenye sufuria.

Tuliutuma Ijumaa jioni, sabuni ikiwa tayari kwenye ndoo. Msitume kabla. Mtu akija akakosa, safari nyingine haji.

Wanaotumia wasapu wajue jambo moja. Ukituma kwa orodha ya matangazo, ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Wengine hawapati, na wewe huambiwi. Kwa hiyo siku mteja anaponunua, mwombe aandike namba yako palepale mbele yako.

Kabla ya kutuma, mpe jirani asiyejua habari asome, halafu muulize: ni kitu gani, bei gani, wapi, lini? Akikwama kwenye swali moja, rudi ukaandike upya.

Tuonane mwezi ujao.