APK ya WhatsApp isiaminiwe ovyo

Januari 2021, kabla ya uchaguzi wa Uganda, duka la Google Play lilifungwa. Jijini Kampala watu wakapeana VPN kama faili za APK, simu kwa simu.

Mazoea hayo yana gharama. Anayepokea faili huiruhusu WhatsApp kusakinisha aplikesheni ambayo duka halijaikagua. Kasoro ikigunduliwa baadaye, mara nyingi marekebisho hayamfikii. Hubaki na toleo lilelile bovu.

Dalili moja ya nakala iliyochezewa ni hii: toleo halisi hukataa kusakinishwa juu yake, kwa sababu sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji haifanani.

Mfanyabiashara anayevusha fedha mpakani kwa simu asibahatishe. Aifute, aondoe ruhusa aliyoipa WhatsApp, kisha apakue upya dukani.