Barua pepe ya kwanza kwa kampuni: jibu hofu yao kabla ya kujisifu

Vijana wengi wa Garissa wanaotafuta kampuni ya Nairobi ya kuuzia bidhaa huanza barua pepe vivyo hivyo: "Natumaini barua hii imekukuta salama. Mimi ni kijana mwenye bidii." Halafu zinafuata aya tatu za ndoto zao na faili nzito ya kurasa ishirini. Anayeisoma ni afisa wa ununuzi asiyekujua, na hajaona bado unauza nini. Anafunga, anaendelea na kazi.

Maoni yangu ni haya: barua ya kwanza isizunguke wewe. Izunguke hofu ya anayenunua.

Tuchukue maziwa ya ngamia. Mteja wako wa Eastleigh anayajua tangu utotoni na hahitaji maelezo. Lakini hoteli au kiwanda cha maziwa kikisikia "Garissa", mtu wa ununuzi anawaza mambo manne hapo hapo. Barabara ni kilomita 370 hivi na jua ni kali, je, yatafika yakiwa yameganda? Yamebebwa kwa ile mitungi ya plastiki ya manjano ambayo ndani haisuguliki vizuri? Yana ile ladha ya moshi, kwa sababu vyombo vimefukizwa? Na kiangazi kikija, huyu saplaya atapotea?

Ukiyajibu manne hayo kwa mistari michache, tayari umewapita wengi. Hebu tazama mfano huu:

Kichwa: Maziwa ya ngamia kutoka Garissa, lita 60 kila Jumanne na Ijumaa

"Habari Bi. (jina lake). Nimeona menyu yenu ina chai ya maziwa ya ngamia, ndiyo maana nakuandikia. Tunakusanya maziwa kwa wafugaji wa Balambala. Tunaweza kuwaletea lita 60 kila Jumanne na Ijumaa kabla ya saa mbili asubuhi. Yanapozwa hadi nyuzi 4 na kusafirishwa kwa mikebe ya alumini. Vyombo havifukizwi moshi. Tuna leseni ya Bodi ya Maziwa Kenya. Kiangazi tunashuka hadi lita 25, na hizo hazikosi. Je, naweza kukuletea lita 5 za kujaribu Jumanne ijayo? Kama ununuzi hauko kwako, tafadhali nielekeze kwa anayehusika."

Chini weka jina lako, simu na bei ya lita moja ikiwa imeshafika Nairobi. Basi. Kama kampuni huandikiana kwa Kiingereza, andika kwa Kiingereza. Mpangilio ni ule ule.

Angalia kichwa. Kina bidhaa, mahali, kiasi na siku, kwa hivyo hata asipoifungua leo, wiki ijayo akikwama ataitafuta kwa neno "ngamia" na kuipata. Kichwa kama "Ombi la biashara" hakitafutiki.

Angalia pia ule mstari wa kiangazi. Wengi wetu huuficha, tukidhani utamfukuza mteja. Kumbe mnunuzi anajua ukame upo. Asichojua ni kama wewe unaujua na umeupangia. Ukiahidi lita 60 mwaka mzima, atakuona mgeni wa hii kazi, ama mwongo. Hata hivyo, usiandike leseni usiyo nayo wala ubaridi usioweza kuutunza, maana siku ya majaribio atapima.

Na lile ombi ni dogo makusudi. Mkataba unahitaji bosi, mhasibu na kikao. Lita tano anaweza kuzikubali mwenyewe, kwa neno moja. Hata jibu la "mwandikie fulani" ni ushindi, kwa sababu barua ya pili utaianza kwa kusema nani amekutuma.

Jina lake utalipata vipi? Piga simu ya mapokezi uulize nani hununua maziwa. Ama mtafute LinkedIn. Barua iliyotumwa kwa anwani ya jumla ya kampuni huwa haina mwenyewe.

Kukiwa kimya wiki nzima, jibu juu ya barua yako ile ile, mara moja tu, na uje na kitu kipya: "Alhamisi nitakuwa Nairobi na mkebe mmoja, naweza kuuacha mapokezi?" Usiandike tu "nakukumbusha".

Na ujue mipaka yake. Barua hii haikupi oda; inakufungulia mlango wa majaribio. Akijibu kwa swali la bei au siku, barua imefanya kazi. Akiuliza "unauza nini hasa?", rudi kwenye kichwa chako, tatizo liko hapo.