Ufugaji nyumbani: Vifaranga wanapohara damu

Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa ambao huwakatisha tamaa wengi wetu tunaofuga kuku nyuma ya nyumba. Vifaranga wamefika wiki ya tatu au ya nne, wameanza kuota manyoya, na hesabu ya ada ya shule imekwisha kupigwa juu yao. Asubuhi moja unaona kinyesi chenye damu. Wachache wamejikunyata pembeni, mabawa yameshuka, macho yamefumba. Kesho yake unaokota mizoga. Ugonjwa huu huitwa koksidiosisi, na wengi huuita kuhara damu.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba damu unayoiona leo si mwanzo wa ugonjwa. Mwanzo ulikuwa siku tano hivi zilizopita.

Ugonjwa huletwa na vijidudu viitwavyo eimeria. Ni vidogo mno, haviwezi kuonekana kwa macho. Kuku aliyeambukizwa hutoa mayai ya vijidudu hivyo katika kinyesi chake. Yai lililotoka sasa hivi haliwezi kumdhuru kifaranga, kwa sababu bado ni bichi. Ili liive linahitaji vitu vitatu: joto, hewa na unyevu. Likivipata, huiva kwa muda wa siku moja au mbili. Ndani ya bruda joto lipo, tena tumeliwasha sisi wenyewe kwa jiko au taa. Hewa ipo. Kinachobaki ni unyevu, na hicho ndicho kilicho mikononi mwako.

Kifaranga akidonoa yai lililoiva, linapasuka tumboni na kutoa vijidudu vinane. Vijidudu hivyo huingia katika ngozi ya ndani ya utumbo, na kila kimoja huzaa mamia. Hao nao hupasua nyumba yao, huingia mahali pengine na kuzaa tena. Zipo eimeria za aina kadhaa, na ile inayoleta damu nyingi hukaa katika vile vifuko viwili vya utumbo vilivyo karibu na mwisho. Uzazi wa pili ndio mbaya kuliko wote, maana hukata mishipa midogo ya damu. Hiyo ni siku ya nne au ya tano. Siku ya saba hivi mayai mapya huanza kutoka, na mzunguko unaanza upya kwa banda zima.

Tufuate mfano mmoja. Mama ana vifaranga 100. Jumatatu chombo cha maji kinapinduka usiku, naye anatupia maranda makavu juu ya maranda yaliyolowa. Kwa juu panapendeza, lakini chini pana unyevu na joto. Jumatano mayai yameiva, na vifaranga wanapochakura wanayala. Alhamisi hadi Jumapili wanaonekana wazima, ila wanapunguza kula kidogo. Jumatatu inayofuata damu inatoka, na yeye analaumu chakula alichonunua Jumamosi. Kumbe ni yale maji ya wiki iliyopita.

Kabla ya kununua dawa, hakikisha ugonjwa ni huo. Mpasue kifaranga aliyekufa muda si mrefu, ukiwa umevaa glavu au mfuko wa nailoni mkononi. Tafuta vile vifuko viwili. Vikiwa vimevimba, vyekundu mno au vyeusi, na ndani mna damu mbichi au iliyoganda, umepata jibu. Vikiwa salama, peleka mzoga kwa mtaalamu wa mifugo, kwa kuwa gumboro nayo hupiga umri huohuo na dawa hii haiisaidii. Usiogope kwa ajili ya watoto: eimeria za kuku hazimwambukizi binadamu wala mbuzi. Hata hivyo nawa mikono kwa sabuni, kwani kinyesi cha kuku kina vijidudu vingine.

Sasa dawa. Inayotumika sana ni amproliamu, poda ya kuchanganya katika maji. Inafanana na vitamini B1, hivyo kijidudu huidhania ni chakula chake, nacho hufa kwa kukosa vitamini yenyewe. Kwa hiyo usiwape vitamini zenye B1 siku hizo za dawa, maana utakuwa unamlisha adui. Ukitaka kuwapa vitamini, subiri dawa iishe.

Kwa poda yenye nguvu ya asilimia 20, kipimo cha tiba ni gramu 1.2 kwa lita moja ya maji. Tuseme vifaranga wale 100 wanakunywa lita 10 kwa siku: basi ni gramu 12 kila siku, kwa siku tano. Baada ya hapo kipimo hushuka hadi robo, yaani gramu 3 kwa lita 10, kwa wiki moja au mbili. Poda hutofautiana nguvu, kwa hiyo soma maelezo ya pakiti na uyafuate. Pima kwa mizani, si kwa kijiko cha kukisia. Changanya upya kila asubuhi, na usiweke maji mengine bandani.

Wape wote dawa siku ileile unapoona damu ya kwanza. Amproliamu huwapiga zaidi vijidudu vya uzazi wa kwanza, kabla havijakata mishipa. Kifaranga anayevuja damu sana huenda asipone, tena hana nguvu ya kunywa. Dawa inawaokoa wale 80 au 90 ambao bado wanaonekana wazima. Ukingoja uone kama wataongezeka, umewapoteza hao.

Dawa za salfa nazo hutibu, lakini zikizidishwa siku huweza zenyewe kumfanya kuku avuje damu. Zitumie kwa maelekezo ya mtaalamu, na usiwape kuku ambao mayai yao yanaliwa.

Dawa bila matandiko makavu ni kazi bure. Siku ileile ya kuanza tiba, chota maranda yote yaliyolowa hadi sakafuni, uyatoe mbali na banda, ndipo utandike mapya, unene wa sentimita 5 hadi 10. Inua vyombo vya maji juu ya matofali, ukingo wake ulingane na mgongo wa kifaranga, na kila wanapokua uviinue tena. Kila asubuhi chukua maranda ya karibu na chombo cha maji, yafumbate kwa nguvu, kisha fungua mkono. Yakibaki donge, yamelowa, yatoe. Yakiachana polepole, yako sawa.

Usitegemee dawa za kusafishia vyoo na sakafu. Yai la eimeria lina ganda gumu, na nyingi ya dawa hizo haziliui. Maji yanayochemka huliua, na ukavu hulimaliza taratibu. Baada ya kundi kuondoka, kwangua sakafu, mwagia maji yanayochemka, kisha acha ikauke kabisa kabla ya kuleta wengine.

Usijaribu kumaliza kila yai bandani. Kifaranga anayekula machache katika matandiko makavu hujenga kinga mwilini, na anapokua haumwi. Anayeumwa ni yule aliyekula mengi kwa mara moja, na mengi huivia mahali penye maji.