Kikapu cha mboga kipimwe Septemba

Anayeuza kikapu cha mboga cha kila wiki hapa Machakos atakutangazia bei na uzito: shilingi 1,000, kilo nane, hadi mlangoni. Kilo hizo zisikubabaishe. Kabeji mbili na waru hujaza mizani upesi, tena kwa bei nafuu. Managu, terere na dania hazina uzito wowote, na ndizo zinazokutoa nyumbani kwenda sokoni.

Kikapu cha kwanza kikifika, andika kilichomo, kisha pitia Marikiti uulize bei ya kila kitu. Tuseme jumla ni shilingi 720. Basi 280 umelipia kuletewa. Ikiwa boda ya kwenda sokoni na kurudi ni 200, umeongeza 80 tu, na kwa mtu anayetoka kazini jioni hiyo si hasara. Lakini kikapu cha Ijumaa asubuhi kikija Jumamosi usiku, na majani ya 150 yakaishia kwa kuku, kuletewa kumekugharimu 430. Ndiyo maana sisi tungeuliza siku ya kufika kabla ya kuuliza punguzo.

Kuhusu aina za mboga, usimsifu muuzaji mwezi wa Novemba. Mvua ikishanyesha Ukambani, kunde humea kila mahali na yeyote anaweza kujaza kikapu. Mtihani ni Septemba, kabla ya mvua. Wakati huo majani hutoka kwenye mashamba ya kumwagilia, kama yale yanayotegemea mfereji wa Yatta unaochota maji mto Thika, au muuzaji hununua soko la Wakulima, Nairobi, akayaleta huku. Kununua Nairobi si kosa, ila mboga hiyo imeshalala njiani, na mwenye kuilipia ana haki ya kuambiwa.

Asipokuambia, tazama sukuma wiki pale jani lilipokatwa. Kikonyo cha leo ni cheupe na kina majimaji. Cha juzi kimekauka na kugeuka kahawia. Maji ya kunyunyiza huamsha jani lililonyauka, lakini kikonyo hakidanganyi.

Malipo ya mwezi mzima mbele tunayakataa, hata yakija na kikapu kimoja cha bure. Tuma M-Pesa baada ya kufungua kikapu, wiki kwa wiki. Na mkubaliane mapema: managu ikikosekana, akupigie jioni ya kuamkia siku ya kuleta akuulize unataka nini badala yake, si kuziba pengo kwa kabeji ya tatu. Muuzaji makini hatalalamika, kwa sababu simu hiyo inamwokoa na mboga za kurudishwa. Akikataa, mama mboga wa langoni bado yupo, na sukuma yake anakukatia papo hapo ukiiona.