Hati ya nyumba haiazimwi

Mzee mmoja wa Tunduma, dereva wa basi mstaafu, alijenga nyumba kwa kiinua mgongo. Mpwa wake, mfanyabiashara wa mahindi, akamwomba hati kwa miezi mitatu tu. Mzee akasaini benki. Mkewe naye akasaini, asije akaonekana anamnyima mtoto wa wifi yake.

Walidhani wameazimisha karatasi. Kumbe saini zao ndizo zilizoiweka nyumba rehani. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka ridhaa ya mwenza kabla ya nyumba ya familia kuwekwa rehani. Mama angekataa, mkopo ungeishia hapo.

Biashara ikayumba, marejesho yakakwama, ikaja notisi ya siku 60. Mzee alikuwa na presha, usingizi ukamruka, lakini hakuificha barua. Alikwenda benki wiki hiyohiyo, akaomba taarifa ya deni, akauza kiwanja chake cha Vwawa na kulilipa. Hati aliirudishiwa pamoja na waraka wa kufuta rehani, akaupeleka kwa Msajili wa Hati, maana bila hivyo rehani hubaki kwenye daftari.

Wazazi, ndugu akiomba hati, muulizane kwanza: asipolipa, tutalala wapi?