Pandisheni Antena, Msipandishe SF

Wiki ijayo klabu yetu ya elektroniki inaomba fedha kwa serikali ya wanafunzi ili ijenge mtandao wa redio wa LoRa kwenye shamba la mafunzo. Nodi 60 zenye vihisi vya unyevu wa udongo zitasimikwa kwenye nguzo za mita 1.5, na kila moja itatuma kipimo chake kila baada ya dakika 5 kwenda kwenye lango moja lililopo jengo la maabara, kilomita 2 kutoka kona ya mwisho ya shamba. Mpango naukubali. Ninachopinga ni ile kauli iliyopita kwenye kikao bila kujadiliwa: “Tuweke zote SF12, zitafika tu.”

Nasomea ualimu, ila shamba hili linatuhusu sisi kuliko mtu yeyote. Wenzetu wa ualimu wa kilimo ndio wanaomwagilia, na finalisti kadhaa watatumia data hizo kwenye tafiti zao. Kona moja ikikosa data, miche itakauka, halafu mtu ataandika hitimisho la uongo bila kujua.

Tuanze na hiyo SF yenyewe. LoRa hutuma data kwa mlio unaopanda masafa taratibu, na SF ni namba ya kuchagua mlio uwe mrefu kiasi gani. Mlio mrefu unasikika hata ukiwa umezama ndani ya kelele. Kila hatua moja kutoka SF7 kwenda SF12 inakuongezea takriban desibeli 2.5, kwa hiyo hatua zote tano zinakupa kama 12.5. Ni faida kubwa, sikatai. Bei yake ni muda. Kipimo cha baiti 10, kikishavikwa vichwa vya LoRaWAN na kutumwa kwa upana wa kilohezi 125, kinakaa hewani milisekunde 62 hivi kwenye SF7. Kwenye SF12 kipimo kilekile kinakaa karibu sekunde 1.5. Hiyo ni mara 24, na muda wote huo nodi inakula betri ya kurushia.

Sasa zidisha kwa nodi 60. Lango ambalo klabu inataka kulitengeneza kwa ESP32 lina sikio moja tu: linasikiliza chaneli moja na SF moja kwa wakati mmoja. Kwenye SF12, katika kila sekunde 300, karibu 90 zitajaa ujumbe. Nodi hazisubiriani zamu. Ikifika saa yake inatuma. Ujumbe wako unaharibika kama mwingine umeanza sekunde 1.5 kabla yake au baada yake. Ukipiga hesabu ya kawaida ya migongano, jumbe kama 45 kati ya 100 zitagongana. Baadhi zitaokoka kwa kuwa na nguvu kuliko zilizogongana nazo, lakini zitakuwa za nodi za karibu na lango. Zile za mbali, ambazo ndizo tulizotaka kuzisaidia kwa SF12, ndizo zitakazomezwa. Kwenye SF7, nodi hizohizo 60 zinapoteza kama jumbe 2 au 3 tu kati ya 100.

Mtu atauliza: sasa za mbali zitasikikaje? Jibu lipo juu ya paa. Antena ya majaribio imewekwa dirishani, kama mita 4 kutoka ardhini. Redio haisafiri kama uzi mwembamba. Inahitaji nafasi inayonenepa katikati ya safari, na kwa masafa ya megahezi 868 na umbali wa kilomita 2, unatakiwa uwe na karibu mita 8 zilizo wazi chini ya mstari wa kati. Kutoka dirishani hadi nguzo ya mita 1.5, katikati ya safari mstari upo chini ya mita 3 juu ya ardhi. Ardhi yenyewe inaziba njia, hata pasipo mti wala nyumba. Ukipandisha antena hadi mita 16, yaani paa la jengo hilohilo pamoja na mlingoti mfupi, mstari wa kati unafika mita 8.75. Njia imefunguka.

Na faida yake inahesabika. Kwenye ardhi tambarare na umbali kama huu, ukizidisha kimo cha antena mara mbili unapata takriban desibeli 6. Kutoka mita 4 hadi 16 umezidisha mara mbili, halafu mara mbili tena: desibeli 12. Hiyo ni karibu sawa kabisa na kupanda kutoka SF7 hadi SF12, ila hapa hakuna nodi hata moja inayolipa kwa betri wala kwa muda wa hewani.

Kuna mtego mmoja juu ya paa. Lango likibaki maabara halafu mkavuta waya mwembamba wa antena wa mita 12, waya huo unakula karibu nusu desibeli kwa kila mita. Nusu ya faida yote imeishia kwenye waya. Kwa hiyo pandisheni lango lenyewe kwenye kisanduku kisichopitisha maji, waya wa antena uwe chini ya mita moja, na umeme upande kwa kebo ya mtandao. Mlingoti uungwe na waya wa ardhini kwa ajili ya radi.

Jambo la pili lililopita bila kujadiliwa ni kila nodi kuomba jibu la kupokelewa. Mwalimu anayeita majina huku wanafunzi wote wanajibu hamsikii yeyote, na lango nalo likiwa linarusha halisikii chochote. Jibu moja la SF12 linachukua karibu sekunde nzima. Majibu 60 ni dakika moja ya uziwi katika kila dakika tano. Nodi isiyopata jibu inarudia kutuma, msongamano unazidi. Kipimo cha unyevu kikipotea kimoja, kingine kinakuja baada ya dakika 5. Acheni majibu.

Tutajuaje kama tatizo ni umbali au msongamano? Kila ujumbe una namba ya mfuatano. Ukiona 118 kisha 121, mbili zimepotea. Zikipotea kwa nodi ileile kila siku, na SNR yake ipo karibu na kikomo, ambacho kwa SF7 ni kama −7.5, hiyo haisikiki. Zikipotea kwa nodi zote, hata zenye SNR nzuri, zinagongana. Hapo SF12 inazidisha ugonjwa.

Itabaki nodi moja au mbili nyuma ya kichuguu au tangi la maji. Hizo, na hizo tu, zipewe SF9 au SF10. Lakini lango la sikio moja haliwezi kusikia SF mbili, kwa hiyo ningependa fedha zielekezwe kwenye lango la chaneli nane lenye SX1302, na kwenye mlingoti.

Kabla ya kupiga kura, naomba kitu kimoja. Chukueni nodi moja hadi kona ya mwisho, itume jumbe 100 kwa SF7 antena ikiwa dirishani, na 100 ikiwa juu ya paa. Zihesabuni, mje na namba hizo mbili kikaoni.