Kahawa ya Safari: Sufuria na Kitambaa

Wengi wetu tunalala shambani upande wa Lufira wakati wa kuvuna, au tunashinda siku mbili njiani na treni. Kule umeme hakuna, lakini kahawa nzuri inawezekana. Tuchukue mfano wa mama 10 wenye sufuria ya litre 2 na mbabula moja.

Kahawa ikitwangwa kinuni, tuichekeche ibaki kama mchanga mnene. Ikiwa laini kama unga, itaziba kitambaa na kikombe kitajaa matope. Kwa litre 2 tunahesabu vijiko vya supu 10 vilivyojaa, kijiko kimoja kwa kila kikombe.

Maji yakichemka, tunatoa sufuria kwenye moto kwanza, ndipo tunatia kahawa. Wengi wanaiacha ichemke humo, na hapo ndipo uchungu unatoka. Likasi iko karibu metre 1,300 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu yanachemka karibu digri 96, si 100. Hatungoji yapoe: tunatia kahawa papo hapo, tunakoroga mara moja, tunafunika dakika 4. Kisha tunanyunyiza nusu kikombe cha maji baridi juu, na masira yanazama. Tunamimina polepole, na ya chini kabisa tunaiacha.

Wanaotaka kahawa safi zaidi wapitishe kwenye kitambaa cha pamba nyeupe, kilichoshonwa kama soksi kwenye waya wa duara. Kikiwa kipya, tukichemshe dakika 10 bila sabuni, ili wanga wa dukani utoke. Baada ya kazi tunakisuuza kwa maji matupu na kukianika juani. Sabuni inabaki ndani ya nyuzi, na kesho yake mtainywa. Mafuta ya kahawa nayo yanaoza kitambaani: kikinuka mafuta ya zamani, kichemsheni tena. Kikizidi kunuka, kitupwe.

Kwa treni, mbabula haifai. Tufunge nyumbani vifuko vya kitambaa hicho hicho, kijiko kimoja kwa kila kifuko, tukiacha nafasi ya nusu, kwa sababu kahawa inavimba ikilowa. Kifuko kilichobanwa kinatoa maji ya rangi tu, katikati kahawa inabaki kavu. Njiani ni kumimina maji ya moto ya termosi, kungoja dakika 5, na kukamua kwa kijiko.

Neno la mwisho ni la mbabula. Usiku shambani baridi inatuvuta kuiingiza kibandani, na makala mekundu bila moshi yanaonekana hayana ubaya. Lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoua watu wakiwa usingizini. Kahawa ikiisha, mbabula ibaki nje, mbali na watoto, hata kama makala yanaonekana yamezimika.